Uzi: Hubrisi, nemesisi, katharsisi: ile fomula ya "kiburi, adhabu, machozi" ni ya Wagiriki kweli?

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, salaam. Kuna fomula inazunguka kwenye noti za fasihi kila mahali: mhusika mkuu wa tanzia ana hubrisi, hubrisi inamletea nemesisi, hadhira ikiona hivyo inapata katharsisi. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wameikariri mpaka wanaiandika usingizini. Ukiwapa habari ya Mfalme Edipo, yule wa tamthilia ya Sofokle aliyemuua baba yake Layo na kumwoa mama yake Yokasta bila kujua, wanajibu: "alijivunia akili zake, miungu ikamwadhibu, nasi tukasafika mioyo."

Nikirudi kwenye tamthilia yenyewe naona jibu halikai. Na mwezi ujao naongoza igizo la shule ambalo tajiri mnyanyasaji anafilisika mwishoni, na mwandishi anadai hiyo ndiyo katharsisi. Naomba wanaojua waseme: watu wa Athens waliposikia maneno haya matatu walielewa nini, na ni Kiingereza kilichoyavuta hadi hapa tulipo? Tafsiri za kamusi ninazo, msiniletee.

Mzee Kigoda

Mbona jambo jepesi hili. Hubrisi ni kiburi. Aristotle alisema shujaa wa tanzia lazima awe na dosari moja, nayo ni hubrisi. Edipo alimtukana mtabiri kipofu Tiresia, akamshuku shemeji yake Kreoni, akajiona yeye ndiye aliyetegua kitendawili cha lile dubwana Sfinksi. Kaanguka. Fomula iko sawa, usiwachanganye watoto karibu na mtihani.

Ukurasa wa Kale

Mzee Kigoda, heshima yako, lakini Aristotle hakusema hivyo. Katika sura ya 13 ya Poetiki, kitabu chake cha ushairi, neno lake ni hamartia, yaani kukosea, kama mrusha mkuki anavyoikosa shabaha. Hubrisi haimo kabisa katika maelezo yake ya kwa nini shujaa anaanguka. Waliolibandika hapo ni wasomi na walimu wa baadaye.

Ila kuna tatizo kubwa zaidi, na ndilo linalomsumbua Mwalimu: fomula inajipinga yenyewe. Katika sura hiyohiyo Aristotle anapitia aina za visa na kuvikataa kimoja baada ya kingine. Kisa cha mtu mwovu sana anayetoka kwenye neema akaangukia balaa anakikataa waziwazi. Anakubali kwamba kinaridhisha hisia zetu za utu, lakini anasema hakizai huruma wala hofu. Huruma tunamwonea aliyepata balaa asilostahili, na hofu inatushika tunapomwona aliye kama sisi. Mwovu akipatilizwa, amestahili, na wala si kama sisi, au angalau hakuna anayekubali kwamba ni kama yeye.

Sasa unganisha na sura ya 6, ambako katharsisi inatajwa kuwa inapatikana kwa njia ya huruma na hofu. Kama kisa hakina huruma wala hofu, hiyo katharsisi itapita wapi? Kwa hiyo "hubrisi, kisha nemesisi, kisha katharsisi" ni mnyororo ambao pete yake ya mwisho haishiki zile mbili za kwanza. Tajiri wa igizo lako akifilisika, watoto watashangilia. Ni burudani halali, lakini sicho Aristotle alichokuwa anakieleza.

Wakili wa Barazani

Nami nilidhani hubrisi ni kujisikia tu. Kumbe nimewahi kusoma mahali kwamba kule Athens hubrisi ilikuwa kosa la kushtakiwa. Mtu anashtakiwaje kwa kiburi? Ushahidi wake unakuwa nini?

Ukurasa wa Kale

Swali zuri, maana mahakamani ndiko neno hili linaonekana vizuri kuliko jukwaani.

Kulikuwa na shtaka liitwalo grafe hubreos. Lilikuwa la umma, kwa hiyo raia yeyote aliweza kulifungua, si lazima awe yeye aliyetendewa, na sheria ilimlinda hata mtumwa. Aristotle katika kitabu chake cha balagha anasema hubrisi ni kutenda au kusema jambo la kumwaibisha mwenzako, si kwa sababu utapata faida wala kwa sababu amekutendea kitu, bali kwa raha ya kumwaibisha. Kisha anaongeza: anayelipiza hafanyi hubrisi, analipiza kisasi.

Chukua kesi ya Aristoni dhidi ya Kononi, karne ya 4 KK. Hotuba aliiandika Demosthene, mnenaji maarufu wa Athens, na tunayo hadi leo. Aristoni anatembea jioni sokoni na rafiki yake. Mtoto wa Kononi, amelewa, anawaona, anapiga kelele, anakwenda kumwita baba yake na wenzake walikokuwa wanakunywa. Wakirudi, mmoja anamkamata yule rafiki, na Kononi, mwanawe na mtu wa tatu wanamvamia Aristoni. Wanamvua joho, wanampiga ngwala, wanamtupa matopeni na kumrukia, mdomo unapasuka, macho yanavimba mpaka yanafumba. Mpaka hapo ni shambulio la kawaida la walevi.

Kinachofuata ndicho kiini. Aristoni yuko chini hawezi kusema, na Kononi anasimama juu yake na kuwika kama jogoo aliyeshinda pambano, huku wenzake wakimhimiza apigepige viwiko mbavuni kama mbawa. Aristoni anawaambia waamuzi kwamba hiyo ndiyo dalili kubwa ya hubrisi. Si vidonda, ni lile jogoo.

Na kuna Demosthene mwenyewe. Mwaka 348 KK alikuwa mfadhili wa kwaya ya kabila lake kwenye sikukuu ya Dionisio, na adui yake Meidia akamzaba ngumi usoni ndani ya ukumbi wa maonyesho, watu wakitazama. Katika hotuba yake anafafanua kwamba kinachomuumiza mtu huru si pigo lenyewe bali namna: ishara, jicho, sauti, kupigwa shavuni na mtu anayetaka ushuke. Hayo, anasema, hata aliyepigwa hawezi kuyasimulia yakamfikia msikilizaji kama yalivyokuwa.

Wakili wa Barazani

Kwa hiyo kinachothibitishwa ni nia, na nia inasomwa kwenye mwenendo wa wakati ule wa tukio. Hapo nimekupata kabisa. Aristoni alishinda?

Ukurasa wa Kale

Hukumu haikutufikia. Lakini sikiliza hili utalipenda: Aristoni hakufungua kesi ya hubrisi! Anasema ndugu na marafiki walimshauri kwamba kijana kama yeye asibebe mzigo unaomzidi, basi akafungua kesi binafsi ya kupigwa, dike aikeias. Sababu za kisheria zinaeleweka. Katika kesi ya hubrisi adhabu ilikadiriwa na mahakama na ingeweza kufika kifo, lakini ikiwa faini, fedha iliingia hazina ya dola. Mshtaki asipopata hata moja ya tano ya kura, alitozwa drakma 1,000. Katika kesi ya kupigwa, fidia ilikuwa ya aliyepigwa. Basi akashtaki kipigo, na hotuba nzima akaijaza hubrisi.

Kipusa255

Nemesisi si yule dubwana la kwenye gemu anayekufukuza na bazuka? Ndiye adui mkubwa wa mchezaji. Sasa mnasema alikuwa Mgiriki?

Mwalimu wa Zamu

Kipusa, huyo ni mjukuu wa mbali. Subiri, tutamfikia.

Ukurasa wa Kale, nimejaribu kipimo chako kwa Edipo na nimeshtuka kidogo. Pale njia panda, Edipo anasimulia mwenyewe kwamba mzee yule, yaani Layo, alimpiga kichwani kwa mchokoo wa kuswagia wanyama, wenye ncha mbili, ndipo naye akamuua. Kwa maneno ya Aristotle huyo analipiza. Tendo kubwa kuliko yote katika maisha ya Edipo si hubrisi hata kidogo! Ukipenda, aliyeanza ni Layo.

Mzee Kigoda

Haya, haya. Lakini msinifunge goli la mkono. Mimi tamthilia ile naijua. Korasi, lile kundi la waimbaji jukwaani, inaimba wazi kabisa kwamba hubrisi humzaa mtawala jeuri. Sofokle ameliweka neno lenyewe katikati ya tamthilia. Alikuwa anamwimba nani kama si Edipo?

Ukurasa wa Kale

Hapo umegusa penyewe, Mzee, na sina jibu la kufunga mjadala. Ni mstari wa 873. Korasi inaimba baada ya Yokasta kusema maneno ya kudharau utabiri, na wimbo unamtaja mtu anayetembea na kiburi cha mikono au maneno bila kuiogopa Haki. Wapo wanaosema ni Edipo, wapo wanaosema ni Yokasta, wapo wanaosema ni muuaji wa Layo ambaye korasi bado haimjui. Tena wapo wahariri wanaogeuza mstari usomeke kwamba utawala ndio unaozaa hubrisi. Kwa hiyo neno lipo, lakini kusema tamthilia nzima inasimama juu yake ni kulibebesha mzigo mkubwa. Janga la Edipo lilitabiriwa kabla hajapata nafasi ya kujivuna.

Pweza wa Shimoni

Naomba nipingane kidogo na Ukurasa wa Kale. Unaifanya hubrisi iwe tendo lenye mtendewa tu, kama msomi N. R. E. Fisher alivyoshikilia kwenye kitabu chake kikubwa cha 1992. Lakini Wagiriki walilitumia pia kwa punda anayepiga kelele na kurusha mateke kwa shibe, na hata kwa mmea uliositawi ukatoa majani badala ya matunda. Punda anamwaibisha nani? Douglas Cairns alimjibu Fisher mwaka 1996 kwamba ndani ya neno kuna hali ya moyo, ya mtu kujikuza kupita kipimo chake. Hata asiyemgusa mtu anaweza kuwa nayo. Kwa hiyo Kiingereza hakikubuni kutoka hewani.

Ukurasa wa Kale

Nakubali nusu. Hali ya moyo ipo, na punda wako nampokea. Lakini tazama Kiingereza kilichofanya: kimechukua hali ya moyo kikaacha mtendewa kabisa. Neno limeanza kuzoeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19, likitokea kwa vijana waliosoma Kigiriki vyuoni. Leo gazeti likiandika hubrisi ya mkurugenzi wa kampuni linamaanisha alijiamini kupita kiasi, akanunua kampuni nyingine kwa bei mbaya, akaanguka. Hakuna aliyeaibishwa kwa raha. Mwathene angesema huyo ni mjinga, au amepofuka. Kononi ndiye Mwathene angemwita hubristes, mtu wa hubrisi, bila kusita, na Kononi hakuwa na mpango wowote mkubwa wa kuanguka nao. Alikuwa amelewa na amefurahi.

Mkitaka tanzia ambayo hubrisi inatenda kazi kweli, nendeni kwa Eskilo, *Waajemi*, 472 KK, miaka minane tu baada ya vita vya Salami, ambako Wagiriki waliwashinda Waajemi. Mzuka wa Mfalme Dario unasema hubrisi ilichanua ikazaa shuke la ate, na mavuno yake ni machozi. Na hubrisi hiyo anaitaja kwa matendo: Waajemi walipora sanamu za miungu, wakachoma mahekalu, wakang'oa madhabahu. Pweza, hapo mtendewa yupo, ni miungu.

Angalieni pia neno lililofuata hubrisi. Si nemesisi. Ni ate, upofu wa akili unaomwingiza mtu kwenye maangamizi. Washairi wa zamani kama Soloni wao waliweka koros, shibe, kabla ya hubrisi. Ile pea ya hubrisi na nemesisi, inayopendwa na waandishi wa historia wa Kiingereza mpaka Ian Kershaw akazipa juzuu zake mbili za maisha ya Hitla majina hayo, 1998 na 2000, siyo pea ya jukwaa la Athens.

Kipusa255

Basi leteni huyo nemesisi.

Ukurasa wa Kale

Sawa. Mwanzoni si adui wala adhabu. Ni hasira ya haki, ile lawama inayokupanda ukiona mtu anapata au anafanya kisichomstahili. Kwa Homeri, katika kitabu cha 3 cha Iliadi, wazee wa Troya wamekaa ukutani, wanamwona Helena anakuja, wanasema "ou nemesis": hakuna lawama Watroya na Waakea, yaani Wagiriki, wakiteseka miaka mingi kwa ajili ya mwanamke kama huyu. Jaribu kuweka hapo "adui mkubwa" uone sentensi inavyovunjika. Aristotle naye katika kitabu chake cha maadili anaiweka kama sifa njema, katikati ya mtu mwenye kijicho na mtu anayefurahia maafa ya wenzake.

Alikuwa pia mungu wa kike, mwenye hekalu Ramno, kaskazini-mashariki mwa Atika, mkoa wa Athens. Pausania, msafiri wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba sanamu yake ilichongwa kwa marumaru ya Paro ambayo Waajemi walikuja nayo Marathoni ili wasimamishe mnara wa ushindi, wakiwa na uhakika watashinda. Kama hadithi ni kweli au ilitungwa kupamba hekalu, sijui nani ataapa. Lakini inaonyesha watu walivyomwelewa: anawarudisha kwenye kipimo waliojihesabia kabla ya wakati.

Jukwaani hana kazi kubwa. Kuna mahali pazuri katika *Elektra* ya Sofokle, pale mama anapopata habari ya uongo kwamba mwanawe Oreste amekufa na anaonyesha nafuu, na binti yake Elektra anamwita Nemesisi ya aliyekufa isikilize. Ni mlinzi wa marehemu anayetukanwa. Hashuki mwishoni kama hakimu kufunga tamthilia.

Sasa mjukuu wako, Kipusa. Hatua ya kwanza ya kumgeuza nemesisi kuwa mtu inaonekana mapema: katika sehemu ya kwanza ya *Henri wa Sita*, ya Shekspia, adui wa Wafaransa, Talboti, anaitwa nemesisi nyeusi ya ufalme. Bado ni mtu anayeleta adhabu. Baadaye Kiingereza, hasa cha Marekani, kilipunguza adhabu kikabakiza mtu: mpinzani usiyemshinda. Siku hizi timu ya mpira ni nemesisi ya timu nyingine, na shujaa wa katuni ana nemesisi yake ambaye kwa kweli ndiye mwovu. Hapo neno limegeuka kichwa chini, kwa sababu nemesisi ya Wagiriki ilikuwa upande wa haki.

Nesi Mshauri

Nimefuatilia kimya. Mimi niko kwenye ushauri nasaha na neno katharsisi tunalitumia kila siku: mteja alie, apige mto, avunje sahani, atoe kilichomo. Tunaambiwa chanzo ni Aristotle. Ni kweli au nayo imevutwa?

Ukurasa wa Kale

Ya kwako ina njia inayofuatika, dada. Neno lilikuwa na nyumba mbili kabla ya Aristotle. Ya kwanza ni ya waganga: dawa ya kuharisha, kutoa uchafu wa mwili. Ya pili ni ya ibada: kuondoa unajisi wa damu. Oreste aliyemuua mama yake anatakaswa Delfi kwa damu ya nguruwe. Na Mwalimu, hili liko ndani ya *Edipo* yenyewe. Mwanzoni Kreoni analeta amri ya Apolo ya kuufukuza unajisi nchini, na Edipo anauliza mara moja: kwa utakaso gani? Neno lake ni ndugu wa katharsisi. Karibu na mwisho mjumbe anasema hata mto Istro na mto Fasi haitoshi kuiosha nyumba hii. Wanafunzi wakifuata uzi huo watapata insha bora mara kumi ya ile ya kiburi.

Aristotle aliandika neno hilo kwenye fasili ya tanzia bila kulieleza. Katika *Siasa*, kitabu cha 8, anazungumzia watu wanaopagawa wakisikia nyimbo takatifu kisha wanatulia kana kwamba wamepata tiba na katharsisi, na anaahidi kufafanua zaidi kwenye maandishi ya ushairi. Ufafanuzi huo hatuna. Mwaka 1857 msomi Mjerumani Jakobo Bernays alishikilia kwamba maana ni ya kitabibu, kutoa na kupata nafuu. Mwaka 1895 madaktari wa Vienna Breuer na Froidi wakachapisha utafiti wao wa histeria wenye mbinu ya katharsisi. Mke wa Froidi, Martha, alikuwa binti wa kaka yake Bernays.

Ila ona kilichobadilika njiani. Aristotle alitaja huruma na hofu, akatoa sharti la kisa kilichosukwa. Hasira hakuitaja pale. Mto wako unapigwa kwa hasira, na hakuna kisa.

Nesi Mshauri

Na huo mto sasa hivi unashukiwa. Mwanasaikolojia Brad Bushman alichapisha mwaka 2002 jaribio la wanafunzi 600 waliokasirishwa kwa kukosolewa vibaya insha zao. Waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko wote; waliokaa tu bila kufanya lolote ndio walioonyesha uchokozi mdogo kuliko wote. Kwa hiyo tukisema imeshindwa, ni yetu iliyoshindwa, ya Aristotle haikupimwa.

Pweza wa Shimoni

Na tusimfanye Bernays awe mwisho wa habari. Wapo wanaosema katharsisi ni kuziweka hisia kwenye kiasi chake, na wapo wanaosema ni kuelewa, kufumbuliwa. Kila upande una mistari yake.

Mwalimu wa Zamu

Sasa igizo langu. Tajiri anamnyanyasa mlinzi wake mbele ya wageni, anamfanya acheze huku amebeba sinia kichwani. Kitendo cha tatu anafilisika. Niguse wapi?

Ukurasa wa Kale

Kile cha sinia ni hubrisi halisi, usikipunguze, na usimpe tajiri sababu: akiwa na faida yoyote au akiwa ameudhiwa kwanza, watazamaji wataona ukatili au hasira, si hubrisi. Ukitaka huruma na hofu, usizitafute kwa tajiri. Zitafute kwa mke wake au mtunza hesabu, mtu wa kawaida aliyecheka na wageni siku ile kwa kuogopa kazi, kisha uamuzi wake mmoja wa nia njema ndio uliomwangusha kila mtu, na agundue hivyo kwa kinywa chake, jukwaani, dakika ileile mambo yanapopinduka. Aristotle aliipenda *Edipo* kwa sababu hiyo: kugundua na kupinduka vinatokea pamoja.

Mzee Kigoda

Na mtihani wakiulizwa "eleza hubrisi ya Edipo"?

Mwalimu wa Zamu

Wataanza na mchokoo wa Layo, Mzee. Msahihishaji akikataa, nitakata rufaa.